Lita Tisa kwa Mtu Mmoja

Mtu akitaka kumjua Solange asimtafute kanisani, ingawa kila Jumapili yuko kule nyuma na kompyuta yake, anawatupia watu maneno ya nyimbo ukutani. Amtafute kwenye kibanda chake cha sekretaria pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, kati ya mshona viatu na muuza dagaa. Hapo ndipo ulimi wake unapofanya kazi. Anapiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na hakuna karatasi inayotoka bila mwenyewe kupewa la kwake.

"We mwanaume, umeandika 'nina uzoefu mkubwa' mara tatu. Ukubwa huo ungekuwepo ungekuwa umeshapata kazi."

Watu wanacheka, wanalipa, wanarudi. Alitoka Bukavu na mume, mama mkwe na watoto wawili. Mume alikufa kwa presha hapa hapa kambini. Mtoto wa kwanza, Cadeau, alipokua aliona kambi imekuwa ndogo mwilini mwake kama shati la utotoni, akaondoka na wenzake kwa njia ya Msumbiji kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Alipiga simu akiwa Tete. Baada ya hapo, kimya. Miaka imepita juu ya kimya hicho, na Solange bado anaitwa Mama Cadeau, kwa maana kwetu mwanamke akizaa jina lake linawekwa kando, anavaa la mtoto wa kwanza mpaka anaingia kaburini.

Sasa habari ya maji. Sehemu yao ilikuwa na pampu moja ya mkono, na pampu yenyewe ilikuwa mzee: unaisukuma, inakohoa, inafikiri, ndipo inatema. Foleni ya bidoni, yale madumu ya njano, ilianza kabla jua halijachomoza na ilikuwa haijaisha likizama. Wasichana walichelewa shule wakiwa foleni, kina mama walivutana vitambaa vya kichwa. Siku moja ikatoka habari: shirika moja la Lilongwe lilikuwa na pesa za kuchimba kisima kimoja. Sehemu zinazokitaka zilikuwa mbili, yao na ile ya ng'ambo ya soko. Kila kamati ya maji ingeitwa mjini, ingeonyesha slaidi moja tu, ingesema kwa dakika chache, halafu wakubwa wangeamua.

Kamati ya kwao ilikuwa na Mwalimu Théophile, aliyefundisha Kiingereza na aliyependa sauti yake mwenyewe, na mwenyekiti wake Mama Akeza, Mrundi, jina lake la ubatizo Vénérande, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa. Solange hakuwa na cheo. Alikuwa na kompyuta, na kompyuta kambini ni cheo.

Théophile alikuja na slaidi yake ameshaitengeneza. Ilikuwa na mawimbi ya bluu, matone ya maji yenye macho yanayocheka, picha ya mtoto analia, na katikati namba nyekundu: 10,800.

"Angalia, Mama Cadeau," alisema. "Namba nene. Bakiona hii batashtuka."

Solange aliitazama. Halafu akamwita Mama Akeza aliyekuwa anapita na bidoni kichwani. "Dada, tua hapo kwanza. Hiyo kwenye kompyuta inakuambia nini?"

Mama Akeza alisoma polepole. "Elfu kumi na mia nane. Ya nini? Kwacha?"

"Umesikia, Mwalimu? Kwacha."

"Ni lita!" Théophile alisema. "Lita ya maji, pampu yetu inatoa kwa siku moja!"

"Ee, Yezu wangu!" Mama Akeza alishika kiuno. "Elfu kumi! Maji mingi vile! Sasa tunaomba kisima ya nini?"

Mwalimu aliitazama tena namba yake. Na hesabu yake haikuwa ya kubuni. Kwa wiki nzima ya Oktoba, kwenye kiangazi kikali, kina mama wa kamati walikaa pampuni, na kila bidoni iliyojazwa walitupa punje ya mahindi ndani ya ndoo. Jioni walihesabu punje. Siku nyingine zilizidi, siku nyingine zilipungua, wakazijumlisha na kugawa kwa saba, wakapata bidoni mia tano na arobaini kwa siku. Bidoni ni lita ishirini. Namba ilikuwa ya kweli kabisa, na haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, anapiga kelele, hasemi ametoka wapi wala anataka nini.

"Kanisani," Solange alisema, akivuta kiti, "nikiweka wimbo mzima ukutani, hakuna anayeimba. Naweka ubeti mmoja, herufi nene, mpaka yule bibi wa benchi la mwisho aone. Lakini hata ubeti mmoja, kama hujui ni wimbo gani, utaimba nini? Ondoa matone yako yenye macho."

"Yanapendeza."

"Hata bibi harusi anapendeza, lakini hatumpeleki kuchimba kisima. Ondoa. Huyu mtoto anayelia pia umemtoa wapi? Si wa kwetu. Wa kwetu wanalia na makamasi."

Wakaanza upya. Lita zote za pampu wakazigawa kwa watu wanaozinywa. Kamati ilikuwa imeshapita nyumbani kwa watu ikiuliza "muko bangapi kwenu?", ikapata watu elfu moja mia tatu na hamsini, namba ile ile iliyokwishapelekwa ofisini kwa shirika. Ikatoka nane. Solange akaiweka 8 peke yake, nyeusi kwenye weupe, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Pembeni yake, bila kuachana nayo, akaandika "lita". Chini yake: "kwa mtu mmoja, kwa siku". Maana lita bila mtu ni bure, na mtu bila siku ni bure: mtu anaweza kudhani ni kwa mwezi, au kwa nyumba nzima.

"Sasa nane ni kidogo ao ni mingi?" aliuliza Théophile. Swali lilikuwa zuri, na Solange hakumnyima sifa. "Hapo umeuliza, Mwalimu. Namba moja peke yake haina kimo. Msimamishe mtu karibu na mti ndipo utajua urefu wake."

Théophile alitaka kulinganisha na mji fulani wa Ulaya, jinsi watu wanavyooga wakiimba. Solange akakataa. Wakubwa watasema, Ulaya ni Ulaya. Mti ulio karibu ni kile kipimo ambacho watu wa maji wenyewe wanakitumia kwa wakimbizi, lita ishirini kwa mtu kwa siku. Mtu kwa mtu, siku kwa siku, lita kwa lita. Na uzuri wake ukaonekana wenyewe: lita ishirini ni bidoni moja. Kila aliyewahi kusimama foleni anaujua uzito wake shingoni. Alijaribu kuchora bidoni mbili, moja imejaa, nyingine na maji kidogo chini, lakini bidoni ina mabega na shingo, usawa wa maji ulidanganya macho. Akazifuta. Akachora nguzo mbili za mraba zenye upana mmoja: ndefu, ishirini, fupi, nane. Akapima na rula kwenye kioo cha kompyuta, asije mtu akasema wamezirefusha.

"Sasa soma, Mama Akeza."

Mama Akeza alisoma. Safari hii hakuuliza kwacha. Alipiga hesabu na vidole vyake vikubwa. "Nane kwa muntu. Kwetu tuko saba. Saba mara nane... hamsini na sita. Hiyo ni karibu bidoni tatu. Lakini mi nachota mbili tu, kila siku mbili, Mama Cadeau. Na zinatutosha nusu-nusu."

Solange alimwangalia. Alikuwa ameingia nyumba ile mara nyingi. Alimjua mume, aliwajua watoto wawili waliokuwa wakigombania kijiko.

"Muko saba, dada?"

"Saba."

"Wewe na mume, wawili. Batoto wawili, nne. Hao watatu?"

Mama Akeza hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Akeza. Na yule aliyekuja nyuma ya Akeza. Na kale ka hapa hapa, kalikufa na malaria. We unaniuliza nyumba yangu, mi nakupa nyumba yangu. Nitabaacha wapi?"

Huko nje mshona viatu alikuwa anagonga nyundo.

Hapo Solange alielewa, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Walipita kila mlango wakiuliza "muko bangapi kwenu?", na kila mama alijibu kama mama. Hakuna aliyedanganya. Waliwataja waliokufa njiani, waliokufa hapa, waliokwenda Johannesburg, waliopotea. Elfu moja mia tatu na hamsini, na wengine wao hawakuwa wakinywa hata tone la pampu ile.

"Nane ni nzuri," Théophile alisema kwa sauti ya chini. "Tuiache. Karatasi ya ofisi pia inasema vile vile. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mama Cadeau—"

"Mwalimu, nitaweka nane, nitaandika 'watu wanaoishi hapa'. Injinia wa shirika akija na kuhesabu vichwa, tutamwonyesha makaburi? Hata asipokuja. Ninasimamisha namba ukutani peke yake, haina nguo, haina mahali pa kujificha, halafu iwe ya uongo?" Alifunga kompyuta kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Tutauliza upya. Na hatutauliza 'muko bangapi'. Tutauliza, jana nani alikunywa maji hapa?"

Wakapita. Si kazi ambayo mtu angeipenda. Wengine walimfukuza: unataka kutufuta kwenye kadi za chakula? Solange aliapa kwamba hachukui jina hata moja, anachukua idadi tu, na alikuwa na ulimi wa kutosha kuwatuliza wakali. Lakini kwa wapole ulimi ulimkauka. Mama mmoja aliposikia swali alichukua ufagio, akafagia ua mzima, akafagia hata mahali palipokwisha kuwa safi, kisha akasema "wawili" bila kugeuka. Mzee mmoja alisema watu watatu, Solange akaona kikombe kimoja kinakauka juu ya uzio, akasubiri, mzee akasema, "Basi, mmoja. Andika mmoja. Umefurahi?"

Hakuwa amefurahi. Mlango baada ya mlango alijiona kama mchimba kaburi anayebisha hodi.

Mama Akeza alijibu wa mwisho kati ya majirani. "Wanne," alisema. Halafu, "Umeniulia batoto mara ya pili, Mama Cadeau. Lakini kama ni kwa ajili ya maji, sawa. Maji ndiyo batoto waliobaki batakunywa."

Ilibaki nyumba moja, ya kwake mwenyewe. Solange alikaa kwenye kigoda cha mlangoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, Amanda, binti wa Solange, anasuka nywele za jirani.

"Na kwetu umeandika bangapi?" mama mkwe aliuliza.

Mara ya kwanza, kamati ilipopita, Solange alisema wanne bila kufikiri. Sasa swali lilikuwa lake, amelitunga kwa mdomo wake. Jana nani alikunywa maji hapa? Mama mkwe alikunywa. Amanda alikunywa, akamwaga nusu. Yeye alikunywa. Cadeau alikunywa maji wapi jana? Kama kuna kinywa bado.

"Bado sijaandika," alisema, akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Aliandika asubuhi iliyofuata akiwa kibandani, haraka, kama mtu anayeng'oa jino: watatu.

Jumla mpya ilikuwa elfu moja na mia mbili. Pampu haikubadilika, watu walipungua, kwa hiyo kila mmoja akaongezewa maji kwenye karatasi wakati kooni hakukuongezeka kitu. Nane ikawa tisa. Solange aliinua nguzo fupi kidogo. Juu kabisa akaandika kwa Kiingereza alichosahihishiwa na Théophile: kila mtu kwetu anapata chini ya nusu ya bidoni. Katikati, 9, na lita yake, na mtu wake, na siku yake. Pembeni nguzo mbili, tisa na ishirini. Chini, kwa herufi ndogo lakini za kusomeka: watu 1,200 wanaoishi hapa sasa, pampu moja, ilipimwa kwa wiki nzima mwezi wa Oktoba. Basi. Hakuna tone lenye macho. Mtu yeyote angeingia amechelewa, bila kusikia neno la Mwalimu, angeelewa.

Walikwenda Lilongwe kwa minibasi, Théophile na tai, Mama Akeza na kitenge cha kanisa, Solange na kompyuta mapajani kama mtoto mchanga. Mkutano ulikuwa kwenye nyumba moja ya wageni mtaa wa Area 47, ukumbi wenye mapazia mazito na chupa za maji juu ya kila meza. Mama Akeza alihesabu chupa kwa macho, akasema kwa Kirundi jambo ambalo Solange hakuhitaji kutafsiriwa.

Injinia alikuwa mwanamke wa Kimalawi wa makamo, miwani imefungwa kamba, uso wa mtu asiyependa hotuba. Akaeleza mwanzo kabisa: kisima ni kimoja, kitakwenda kwa sehemu yenye lita chache zaidi kwa mtu. Ni hivyo tu.

Slaidi ya kwao ilipanda ukutani. Théophile akasema maneno machache kuliko siku zote za maisha yake, maana ukuta ulishasema. Solange alitazama vichwa: vilikwenda kwenye tisa, vikateremka kwenye lita, vikavuka kwenye nguzo ndefu, vikarudi kwenye fupi. Mzungu mmoja aliinua chupa yake, akaitazama, akaiweka chini bila kunywa. Slaidi ilikuwa inafanya kazi. Kwa kitambo kidogo Solange alijisikia vizuri.

Injinia akapekua karatasi zake. "Zikomo," alisema, yaani asante. "Ni wazi sana. Lakini ofisi yangu ina watu 1,350 kwenye sehemu hii, na ninyi mmeandika 1,200. Hawa 150 wako wapi?"

Théophile alimtafsiria Solange. Mama Akeza aliinamisha kichwa. Solange akasimama. Alikuwa amezoea kusimama nyuma ya watu, si mbele yao.

"Mwambie," alisema, "ni wale waliokufa, na wale walioondoka. Tulipouliza nyumba, wamama walitaja kila waliyemzaa. Ndiyo ile namba iko kwako. Sisi tumerudi tukauliza nani anakunywa maji."

Théophile alitafsiri.

"Mnajuaje hesabu hii mpya ni sahihi?"

"Mwambie nilipita mwenyewe kila mlango. Mwambie hata kwangu nilisema wanne na sasa ni watatu. Mwambie..." Ulimi uliokuwa ukiwachana wanaume pale sekretaria ulisimama katikati ya kinywa. "Mwambie mtoto yangu Cadeau hayuko."

Hakuwahi kulisema neno hilo. Siku zote alisema amesafiri, amechelewa, hana simu. Théophile alianza kulitafsiri, sauti ile aliyoipenda ikamkatikia, akalazimika kuanza tena. Kwa hiyo lilisemwa mara mbili, mara tatu, katika lugha mbili, mbele ya watu waliokaa katikati ya mapazia mazito.

Injinia alivua miwani. "Pepani, amayi," alisema, pole mama. Kisha akaandika 1,200 kwenye karatasi yake, akapiga mstari kwenye ile ya zamani.

Baadaye akasimama Niyongabo, fundi cherehani wa ng'ambo ya soko, mtu mwembamba mwenye aibu. Slaidi yake nayo ilikuwa safi, walikuwa na mtu anayejua. Namba moja, kubwa: lita 8.5, kwa mtu, kwa siku. Karibu yake ile ishirini. Chini yake watu 1,700. Injinia alitazama karatasi ya ofisi, akakuta 1,700, akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza.

Walikunywa chai. Halafu jibu likatoka: nane na nusu ni ndogo kuliko tisa. Kisima kitachimbwa ng'ambo ya soko. Sehemu ya kina Solange itafikiriwa mwakani, bajeti ikiruhusu. Injinia alisema slaidi zote mbili zilimsaidia, kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kuamua bila kubahatisha.

Kwenye baraza Solange alimkuta Niyongabo anafuta jasho.

"Hongera, baba."

"Asante, Mama Cadeau. Poleni. Kwa kweli poleni."

"Nikuulize kitu kimoja. Ile elfu moja na mia saba. Mulitoa bale waliokufa?"

Niyongabo alitazama viatu vyake. "Ile ni ya karatasi ya ofisi," alisema. "Wenzangu wa kamati walisema tuhesabu upya. Nilikwenda mlango ya kwanza. Mama mmoja, tulikimbia naye kutoka kwetu, mtoto wake nilimbeba mimi mwenyewe mgongoni mpaka akakata roho. Mi nani nimuulize huyu mama mtoto wake iko wapi? Nikarudi."

Solange hakuhitaji kompyuta kupiga hesabu hiyo. Kama kwa kina Niyongabo watu walipungua kama walivyopungua kwa kina Solange, na kwa nini wasipungue, kifo hakichagui upande wa soko, basi lita zao zilikuwa tisa na nusu. Kisima kilikuwa cha kina Solange, chake na cha Mama Akeza. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Injinia alikuwa bado ndani, anakunja waya za projekta. Neno moja tu, na yule mwanamke angepiga mstari mwingine.

Na ng'ambo ya soko mtu angelazimika kubisha hodi kila mlango. Yule mama ambaye Niyongabo alishindwa kumuuliza angeulizwa.

"Mama Cadeau," Niyongabo alisema, "utaenda kumwambia?"

Solange alisimama pale mpaka Injinia akatoka, akafunga mlango, akawaaga wote wawili kwa mkono. Solange akampa mkono.

"Nenda nyumbani, baba," alimwambia Niyongabo. "Wachimbe haraka kabla mimi sijabadilisha nia."

Kwenye minibasi Mama Akeza alikuwa ameshikilia kitenge chake kwa mikono miwili. Hakulia. Alisubiri mpaka gari lipite maduka ya mwisho ya mji.

"Ile ya kwanza ilikuwa nane," alisema.

"Ndiyo."

"Na yao ni nane na nusu."

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo Akeza angekuwa ndani, tungepata."

Théophile aligeukia dirisha. Solange angeweza kusema mengi: kwamba ilikuwa uongo, kwamba injinia angekuja kuhesabu, kwamba hata wale wa ng'ambo hawakuwatoa waliokufa. Hili la mwisho alilimeza kabisa, na halijawahi kutoka mpaka leo.

"Tungepata," alisema.

"Basi nirudishie mtoto wangu, Mama Cadeau." Mama Akeza alisema bila hasira, kama mtu anayedai sufuria aliyoazimisha. "Ulimchukua kwa ajili ya maji. Maji haikukuja. Mrudishe."

"Siwezi, dada."

"Najua."

Kwa muda mrefu baadaye waliongea ya foleni tu. Mama Akeza hakupitia tena kibandani na bidoni yake; alizunguka upande wa kanisa, njia ndefu, na mzigo kichwani. Ng'ambo ya soko mashine ilikuja, ikanguruma, watoto wakaenda kuishangaa, na siku maji yalipotoka kelele zilifika mpaka kwa kina Solange. Aliwafurahia, kwa kweli aliwafurahia. Baadhi ya kina mama wa kwao walianza kwenda kuomba kule, wakapewa bidoni moja moja baada ya wenyewe kumaliza.

Mwezi wa kumi ulirudi, na kiangazi chake. Kamati iliamua kujaribu tena kwa bajeti mpya, ikatuma mtu mgeni, Sophie, mwanamke aliyefika kambini juzi juzi na aliyekuwa bado hajui habari za watu. Alimkuta Solange kwenye foleni ya pampu, mguu juu ya bidoni yake asije mtu akamruka, akiwagombeza wasichana wawili waliokuwa wanasukumana.

"Mama Cadeau," Sophie alisema, "nisamehe nakusumbua. Kwenu muko bangapi?"

Mama Akeza, nafasi tatu mbele, hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama kwenye mpini wa pampu.

"Watatu," Solange alisema.

Neno lilitoka mara moja, jepesi, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Sophie alishukuru, akaenda kwa mwingine. Pampu ilianza tena kukohoa. Solange alibaki amesimama na mkono mdomoni, kwa sababu safari hii halikumuuma hata kidogo kulisema, na hakujua ni lini lilikuwa limeacha kumuuma.